Mauzo ya Jumanne si Makosa ya Aliye Zamu

Wasee, kuna maneno mabosi wa biashara ndogo wanapenda sana: "Namba hazidanganyi." Sawa, namba hazidanganyi. Lakini pia hazisemi sababu. Sababu unaiweka wewe mwenyewe, na ukiiweka vibaya kuna mtu anapoteza kazi.

Nyinyi mnanijua kwa video. Kampasi niliacha mwaka wa pili, na kati ya kazi zinazonilipia rent ni kuposti na kuweka hesabu za kibanda kimoja cha chipo karibu na steji. Kila jioni natoa mauzo kwenye stetimenti ya tili, naongeza kesh, naandika kwenye Ekseli. Safu nne tu: tarehe, siku, nani alikuwa zamu, mauzo. Kibanda kinafungwa Jumapili. Jumatatu hadi Jumatano kaunta ni ya dada mmoja mpole hivi, ana masomo ya jioni wikendi ikikaribia. Alhamisi hadi Jumamosi ni ya kijana mwenye mdomo, anajua kuita wateja.

Baada ya wiki nane bosi akaangalia wastani wa zile sita za zamu za kawaida. Siku za dada: 14,200 kwa siku. Siku za kijana: 23,600. Akaniambia, "Kijana wangu, huyu dada ananirudisha nyuma shilingi 9,400 kila siku. Mwezi ukiisha aende."

Sasa tulia hapa kidogo. Ni kweli kwamba dada akiwa kaunta mauzo yako chini. Hizo namba niliziandika mimi. Vitu viwili vinatembea pamoja, hiyo hakuna mtu anabisha. Swali ni kama kimoja ndicho kinasukuma kingine, ama kuna kitu cha tatu kinavisukuma vyote viwili.

Na cha tatu kilikuwa wazi: siku yenyewe. Ijumaa jioni watu wanashuka kwa matatu wakiwa na doo na hawataki kupika. Jumanne mtu anashuka akiwa na fea peke yake, anapita moja kwa moja. Ratiba ndiyo ilimpa dada siku kavu na kijana siku nono. Kwa hivyo bosi hakuwa analinganisha mtu na mtu. Alikuwa analinganisha Jumanne na Ijumaa, halafu anaita hizo siku majina ya watu.

Dawa ni kulinganisha siku ileile, watu tofauti. Kwa kawaida huwezi, kwa sababu dada hafanyi Ijumaa. Lakini tulikuwa na bahati: katika zile wiki nane, mbili walibadilishana zamu, kwa sababu kijana alikuwa na mambo ushago mwisho wa wiki na dada akakubali kumshikia. Kwenye Ekseli fomula ni fupi. Hii inatoa wastani wa Ijumaa ambazo dada alikuwa kaunta:

```
=AVERAGEIFS(D:D, B:B, "Ijumaa", C:C, "Dada")
```

Unabadilisha siku na mtu mpaka umalize wote. Mimi nikaweka pamoja siku tatu za mwanzo wa wiki, na tatu za mwisho. Zile wiki sita za kawaida, dada mwanzoni mwa wiki alileta 14,200 na kijana mwishoni 23,600. Zile wiki mbili za kubadilishana, kijana alipoingia Jumatatu hadi Jumatano alileta 14,500. Dada alipoingia Alhamisi hadi Jumamosi alileta 23,100.

Soma hiyo tena polepole. Watu walihama, mauzo hayakuhama. Yalibaki palepale kwenye siku. Kama dada ndiye angekuwa tatizo, angebeba hasara yake mpaka Ijumaa, na kijana angepandisha Jumanne kwa ule mdomo wake.

Bosi akaniuliza, "Na hizo 300 na 500 zilizobaki? Si kijana bado yuko juu?" Swali poa. Nikamfungulia Jumanne za dada peke yake: ya chini 12,600, ya juu 15,900. Mtu yuleyule, siku ileile ya wiki, kaunta ileile, na bado inacheza kwa zaidi ya 3,000. Mvua ikinyesha saa moja jioni imekula tofauti yako yote. Ukitaka kusema 300 ni ya mtu, unahitaji siku nyingi zaidi ya sita. Isitoshe, wiki zote mbili za kubadilishana ziliangukia katikati ya mwezi, kwa hivyo dada hakupata hata Ijumaa moja ya mshahara. Siwezi kuwaambia hao wawili wako sawa kabisa. Naweza kusema zile 9,400 si zake.

Dada bado yuko kaunta. Lakini bosi hakuishia hapo, akaona kitu kingine kwenye Ekseli ileile: siku ambazo kuna watu wawili kaunta, mauzo yako juu sana. Akataka kuleta mtu wa pili kila siku, ili kila siku iwe kama Ijumaa.

Hapa mshale umegeuzwa. Mtu wa pili anaitwa kwa sababu bosi anajua kutajaa. Wateja ndio wanaleta mfanyakazi, si mfanyakazi analeta wateja. Mtu wa pili anaweza kuongeza mauzo kwa njia moja tu kubwa: kama kuna watu wanaona foleni wanaondoka. Jumanne hakuna foleni ya kukimbia.

Bado sikutaka ashike maneno yangu tu, kwa hivyo tukaijaribu. Wiki tano, kila Jumanne na Jumatano. Usiku wa kuamkia siku hiyo bosi anarusha shilingi kumi, simba akiwa juu mtu wa pili anapigiwa simu aje. Kwa nini sarafu? Kwa sababu sarafu haijui kama kesho kuna mechi. Bosi akichagua mwenyewe, atachagua siku anazohisi zitakuwa nzuri, na tumerudi kulekule.

Simba alitoka siku 6 kati ya 10. Wastani wa siku za watu wawili: 14,600. Siku za mtu mmoja: 14,300. Sasa piga hesabu. Mtu wa pili analipwa 700. Ukishatoa viazi, mafuta, gesi na mifuko, kibanda kinabaki na kama 35 kwa kila 100 iliyouzwa. Kwa hivyo ili huyo mtu ajilipe tu, lazima alete mauzo mapya ya 2,000. Hiyo 300 inabakisha 105, na hata haijulikani kama ni ya kweli.

Ijumaa bosi alikataa kabisa kurusha sarafu, akasema siku ya mkate haichezewi. Namwelewa. Lakini maana yake ni kwamba kuhusu Ijumaa hatujui mtu wa pili analeta ngapi, maana hakuna Ijumaa hata moja ya kulinganisha bila yeye. Jumanne tunajua kidogo.

Basi bosi wako akikuonyesha grafu na kusema "siku zako hazilipi," usianze kulia wala kujitetea kwa tabia. Muulize swali moja, kwa heshima: siku hizohizo, akiwa mwingine, zilileta ngapi?