Breka Iko Juu, Soketi Imekufa? Usiguse Hiyo Waya

Wasee, wiki jana nusura brathe yangu mdogo arushwe na soketi "imekufa".

Keja yetu ina soketi nne kwa ukuta mmoja. Ya kwanza na ya pili zilikuwa poa. Ya tatu na ya nne, zii. Tukacheki breka: iko juu. Brathe akaamua hapo hakuna stima, akachukua bisibisi aifungue ya tatu. Mjomba wetu, fundi wa stima, akamshika mkono. "Nani amekwambia imekufa?"

Akaifungua mwenyewe, akagusa waya nyekundu na tesita. Ikawaka. Akagusa nyeusi, nayo ikawaka! Nikadhani tesita imeharibika.

Kumbe ni hivi. Stima huja na laivu, ile nyekundu, halafu inarudi na nyutro, ile nyeusi. Nyutro ikikatika, hakuna njia ya kurudi, kwa hivyo chaja yako haifanyi kazi. Lakini laivu bado iko hapo, volti 240, inangoja kidole chako. Na kwa sababu TV ilikuwa imechomekwa kwa soketi ya nne, laivu ilipita ndani yake ikatokea kwa nyutro. Mjomba alipochomoa TV, waya nyeusi ikazima. Breka haikuwa na sababu ya kushuka, maana yenyewe hushuka stima ikipita kiasi, na hapa hakuna iliyokuwa ikipita.

Sasa, nyutro imekatikia wapi? Soketi zetu zimefuatana kama foleni: waya inatoka kwa breka, inaingia ya kwanza, inatoka hapo kwenda ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kama ya pili inafanya kazi na ya tatu haifanyi, shida iko kati ya hizo mbili. Usibomoe ukuta. Anza na soketi hizo mbili.

Mjomba akashusha breka, akapima tena kuhakikisha waya zote hazina stima, ndipo akafungua ya pili. Skrubu ya nyutro ilikuwa imelegea, na ile waya nyeusi inayoenda ya tatu ilikuwa imeungua ncha. Hapo ndipo sisi huchomeka pasi na hita kwa eksitensheni moja. Alikata sehemu iliyoungua, akachuna shaba mpya, akaikaza na kuivuta kuona kama itatoka. Kwa sababu soketi yenyewe ilikuwa imeanza kuyeyuka, akaweka mpya. Akapandisha breka. TV ikawaka.

Angekuta skrubu zote ziko sawa, basi waya ingekuwa imekatikia ndani ya ukuta, na hapo lazima ivutwe mpya.

Brathe bado ana mikono miwili. Kwako, soketi ikinyamaza, shusha breka na uite fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie ni ipi ya mwisho kufanya kazi na ni ipi ya kwanza kukataa. Hapo umemrahisishia nusu ya kazi.