Mbio za Kujipima

Katika miaka niliyosomesha hesabu mjini Tanga, na jioni kuwafunza mbio ndefu watu wazima wenye kazi zao, sikuwahi kumpeleka mtu katika marathoni bila ya kumtia kwanza katika mizani ya nusu marathoni. Na mizani hiyo niliiweka wiki nne kabla ya siku yenyewe, wala si mbili. Wiki mbili nilizijaribu mara moja, nikampeleka mwanafunzi wangu Moshi na miguu iliyokwisha kuchoka, akalipa yeye gharama ya ujinga wangu. Wiki nne hazitoshi kumwongezea mtu nguvu mpya, hilo nilikubali. Lakini zamtosha kupumzika, kukimbia safari moja ndefu ya mwisho, na kubadili shauri juu ya kasi, nayo ndiyo faida yenyewe.

Miongoni mwa niliowafunza alikuwamo karani mmoja wa bandari, mtu wa nidhamu ila mwenye haraka, aliyeazimia kumaliza Marathoni ya Kilimanjaro, kule Moshi, kwa saa 3 na dakika 30. Mhandisi mmoja wa Kimarekani, Peter Riegel, alitunga kanuni ya kukadiria wakati wa mbio kwa mbio nyingine, na kwa kanuni hiyo wakati wa nusu marathoni huzidishwa kwa 2.085, wala si kwa 2, maana mwili hauwezi kushika kasi ile ile kadiri njia inavyorefuka. Kwa hisabu hiyo karani wangu alihitaji nusu ya saa 1 na dakika 40 na sekunde 43, yaani dakika 4 na sekunde 46 kwa kila kilomita. Nilimwamuru apunguze mazoezi siku tatu tu kabla ya mbio, avae viatu vile vile atakavyovivaa Moshi, na anywe chai ile ile asubuhi. Kwani tumbo nalo lapimwa siku hiyo.

Januari ilikuwa inamalizika, na joto la pwani kila aliyelionja analijua. Nilisimama na saa yangu kando ya barabara, na alipopita kilomita 5 kwa dakika 23 na sekunde 10 nilitikisa kichwa, kwa sababu hiyo ilikuwa kasi ya dakika 4 na sekunde 38. Kilomita 5 za pili zilimchukua dakika 24 na sekunde 5, za tatu dakika 24 na sekunde 50, za nne dakika 25 na sekunde 40. Akamaliza kwa saa 1 na dakika 43 na sekunde 20, shati lake limelowa kana kwamba ametoka baharini.

Mtu asiyetazama ila wakati wa mwisho angalizidisha, akapata saa 3 na dakika 35 na ushei, akaridhika. Mimi nilizitazama zile sehemu nne, na kila moja ilikuwa nzito kuliko iliyoitangulia. Sehemu ya uzito huo niliitoza hali ya hewa, sehemu kubwa zaidi niliitoza pupa ya mwanzo. Lakini lilisalia jambo la tatu, nalo ni kwamba alikuwa akikimbia kilomita 55 tu kwa wiki, na kwa watu wa kiasi hicho ile kanuni aghalabu husema kwa ukarimu mno. Tena barabara yetu ilikuwa tambarare, hali Moshi nusu ya pili ya njia hupanda kuelekea Mweka.

Nilimwambia, "Bwana, ondoa saa 3 na nusu katika fikira zako, anza kwa dakika 5 na sekunde 20 kwa kila kilomita, ukatafute saa 3 na dakika 45."

Alininunia siku mbili. Siku nne baada ya mbio nilimruhusu kukimbia pole pole tu, na hata wiki ilipotimia sikumpa zoezi gumu mpaka maumivu ya mapaja yalipokwisha, maana nimeona wengi wakiipoteza marathoni katika wiki hiyo, kwa kutaka kufidia kwa mazoezi kile kilichopungua siku ya kipimo.

Kule Moshi alipita nusu ya njia kwa saa 1 na dakika 52, akapanda mlima akiwapita waliomwacha asubuhi, akamaliza kwa saa 3 na dakika 47. Nilimkuta amekaa chini ya mti, viatu mkononi, unyayo mmoja una lengelenge.

"Mwalimu," akasema, "ule mlima ungenizika."

Kisha akaniuliza ni tarehe gani mwakani tutakimbia tena ile nusu ya Januari.