Namba niliyoibandika kwenye mfuniko

Nilimwambia mama wa watu hakuacha memori kadi kwangu, naye aliiacha. Nieleze ilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya gulio hapa Kaniha, watu wamejaa kibandani. Nilipokea Itel mbili za vitufe, nyeusi, za aina moja. Daftarini nikaandika: “14, Itel, haichaji” na “15, Itel, maiki.” Basi. Laini waliondoka nazo. Namba za tiketi nikazibandika kwenye mifuniko ya nyuma, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mfuniko ndicho kitu cha kwanza fundi kukitoa. Nilibadilisha tundu la chaji la 14, na wakati wa kufunga nikachanganya mifuniko.

Mama mwenye 14 akaja. Nikachomeka chaja, ikachaji. Lazima ichaji, maana ile haikuwa yake, na ugonjwa wa simu ile ulikuwa maiki. Akalipa. Baada ya muda akarudi kuuliza memori yake yenye nyimbo za kwaya. Nikafungua daftari kwa kujiamini: memori haipo. Nikamwambia, “Mama, hapa haijaandikwa.” Kweli haikuandikwa, ila hata betri sikuiandika. Akaondoka kimya, na kimya kile nilikiona kama ushindi.

Jioni nikashika “15.” Kabla ya kufungua nikapiga simu ya majaribio: maiki safi kabisa. Simu haijiponyi mezani. Kufungua, nikakuta tundu jipya la chaji lenye risasi yangu bado inang'aa, na memori iko mahali pake. Nikampigia mama. Ikapokelewa, kimya. Nikasema “haloo” nikakata, nikapiga tena, nikakasirika, ndipo nikakumbuka kuwa ananisikia ila maiki ya simu aliyoishika ni mbovu. Nikaomba radhi kwa mtu asiyeweza kunijibu. Asubuhi alikuja akajibu yote, nami nikamrudishia simu yake, memori na pesa yote.

Sasa namba naibandika kwenye mwili wa simu, chini ya betri. Daftarini naongeza tarakimu sita za mwisho za IMEI, ambayo ina tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na IMEI mbili, nami hushika ya kwanza. Ikiwaka nabonyeza `*#06#`. Ikiwa imekufa nasoma lebo chini ya betri, kisha ikifufuka nalinganisha, kwani simu iliyowahi kubadilishwa kava huweza kubeba lebo ya nyingine. Memori naandika “ipo” au “haipo,” sehemu hiyo haiachwi wazi, na mteja anatia sahihi. Naomba pia namba ya ndugu au jirani, maana mwenye simu moja, ikiwa kwangu, nikimpigia itaita mezani kwangu au haitaita kabisa.

Kuna wateja wanaolalamika kwamba nawachelewesha kwa maandishi. Yule mama si mmoja wao, ila simu zake sasa anapeleka kwa fundi mwingine.