Fishi ya mwalimu na mtoto aliyejibu tofauti

Wazazi waliohama kutoka upande wa Oicha, wa Ituri na sasa wa kusini mwa Lubero hunisimamisha njiani na swali lilelile. Mtoto alikuwa darasa la sita kule walikotoka, hapa Butembo amewekwa la tano, na sababu waliyopewa ni kwamba "hakujibu maswali." Hilo "hakujibu" limenisumbua muda mrefu. Mimi kazi yangu ni kuuliza watu na kunasa majibu yao, na ninajua kwamba mara nyingine mtu amejibu vizuri, ila hakujibu kile muulizaji alichokuwa amekwisha kukiandika kwenye karatasi.

Kwa mwalimu wa shule ya msingi karatasi hiyo ipo. Ni fishi ya matayarisho. Kila asubuhi inatakiwa iwe mezani, na inspekta akiingia ndiyo anayoomba kwanza. Juu kabisa kuna sentensi ambayo kila aliyesoma ualimu katika nchi hii anaijua kwa moyo: mwishoni mwa somo, mwanafunzi atakuwa na uwezo wa... Halafu kinafuata kitendo kinachoonekana kwa macho: kutaja, kuhesabu, kuchora, kupanga. Neno "kuelewa" halikubaliwi, kwa sababu inspekta hawezi kuliona likitendeka. Mwisho wa fishi kuna maswali ya kupima, nayo hupima kilekile kilichoandikwa juu.

Mtindo huu wa malengo haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1949 Mmarekani Ralph Tyler, mwalimu wa chuo kikuu cha Chicago, alichapisha kitabu kidogo chenye maswali manne: shule inatafuta kufikia nini, ni mafunzo gani yanaweza kuifikisha huko, yapangwe vipi, na tutajuaje kwamba tumefika. Waliomfuata walikaza kamba, wakadai kila lengo liandikwe kama tendo la mwanafunzi. Kwa njia hiyo, na kupitia vyuo vya ualimu, likatufikia sentensi ya juu ya fishi.

Nisiudharau. Mwalimu akipokea watoto kumi wapya katikati ya mwaka, anahitaji kujua upesi nani anaweza kugawanya 84 kwa 6 na nani hawezi. Hapo lengo ni wazi, kipimo ni wazi, na mtoto aliyekosa miezi mitatu ya shule anaonyeshwa penye tobo lake. Kusoma maneno, kuandika tarehe, kupima urefu, yote haya yanakaa vizuri ndani ya fishi.

Shida nimeisikia kwa masikio yangu katika somo lingine. Mwalimu mmoja wa darasa la tano hapa Butembo, ambaye nitamwita Mama Mwalimu tu, alikubali niweke kinasa sauti changu juu ya meza yake. Direkta alitoa ruhusa, nasi tukakubaliana kwamba hakuna sauti ya mtoto itakayotoka redioni. Somo lilikuwa mmomonyoko wa udongo. Anayeujua mji wetu hahitaji maelezo: milima yenye mteremko mkali, nyumba juu ya nyumba, na makorongo yanayokula barabara kila mvua kubwa ikinyesha. Fishi ilisema mwanafunzi atataja sababu tatu za mmomonyoko na njia mbili za kuuzuia. Njia ya kwanza iliyoandikwa ilikuwa kupanda miti.

Jioni tulikaa tukasikiliza. Somo lilikwenda mbio, swali na jibu, swali na jibu, na baada ya kila jibu linalofaa Mama Mwalimu anasema "vizuri sana." Karibu na mwisho anauliza tuzuie mmomonyoko namna gani. Mtoto mmoja anasema tupande miti. Vizuri sana. Kisha inasikika sauti ya kijana aliyehama na wazazi wake mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga: "Kwetu miti ipo, na udongo unaondoka." Mwalimu anajibu, "Hapana. Mwingine?" Mtoto mwingine anasema kupanda miti, darasa zima linarudia, na kengele inalia.

Mama Mwalimu aliniomba nirudishe nyuma. Alisikiliza kipande hicho mara tatu bila kusema neno. Halafu akasema, "Yule hakukosea. Alikuwa anazungumzia kalitusi."

Na kweli hakukosea. Kalitusi zimejaa katika milima yetu, kwa mbao, kwa makaa, kwa kuchoma matofali. Chini yake majani mengine huota kwa shida, na makapi yanayoanguka watu huyafagia wakawashie moto. Ardhi inabaki uchi. Tone la mvua linakusanyika juu kwenye majani, linaanguka kutoka mbali likiwa zito, linapiga udongo usio na kitu cha kuufunika, na maji yanashuka nao. Mtoto aliona hilo kwao. Lakini kwenye fishi halikuwepo, basi kwa kipimo cha fishi alikuwa mmoja wa "wasiojibu."

Hapo ndipo nilipokumbuka jina ambalo mwalimu wetu wa kozi ya uandishi wa habari alipenda kulitaja: Lawrence Stenhouse, Mwingereza. Mwaka 1975 aliandika kitabu kuhusu utafiti wa mitaala, na ndani yake aliupinga mtindo wa malengo, lakini si kila mahali. Alikubali kwamba unafaa kwa ufundi na kwa habari za kukumbuka. Ila mtoto anapoingizwa katika maarifa yenyewe, yaani kufikiri kama mtu wa sayansi au wa historia, alisema huwezi kuandika kabla ya somo atakachosema mwishoni. Ukiweza kukiandika, basi umemzuia kufikiri. Badala yake alipendekeza mtindo wa mchakato: chagua jambo linalostahili kuchunguzwa, weka wazi kanuni za namna mtakavyolichunguza, na useme mapema kazi nzuri utaitambua kwa alama gani. Mwisho uache wazi.

Wengi husikia hivyo wakadhani ni kuwaacha watoto wapige kelele. Kumbe ni kazi ngumu zaidi kwa mwalimu, na ndiyo maana Stenhouse alisema mtaala wowote ni dhana tu mpaka mwalimu aijaribu darasani mwake na kuangalia kilichotokea. Mwalimu ndiye mtafiti. Mwenzake John Elliott alifanya kazi na walimu kati ya 1973 na 1975, wakisikiliza kanda za masomo yao wenyewe. Jambo moja waliloligundua ni kwamba mwalimu akiuliza "sote tumekubaliana?" mwenye wazo tofauti hunyamaza. Nadhani "vizuri sana" yetu inafanya kazi hiyohiyo.

Mama Mwalimu hakutaka nadharia nyingi. Alichukua dhana moja: nikisema "vizuri" upesi, ninafunga mlango. Wiki iliyofuata alirudi kwenye mmomonyoko na swali moja, je, miti inazuia udongo kuondoka? Akaandika ubaoni kanuni tatu. Hakuna jibu litakaloitwa zuri au baya kabla watoto wengine wawili hawajalisemea. Anayedai jambo aseme aliliona wapi. Mwalimu hatatoa wazo lake mpaka siku ya mwisho.

Kisha wakatoka nje. Walitoboa chini ya bidoni ya lita 5, wakamwaga maji kwa urefu uleule juu ya vipande viwili vya ardhi, kimoja chini ya kalitusi na kingine penye majani ya kawaida, wakakinga maji kwa beseni upande wa chini. Beseni la kalitusi lilijaa tope. Wengine walianza kushangilia, lakini msichana mmoja akapinga: kipande cha kalitusi kina mteremko mkali kuliko kile kingine. Alikuwa na haki, jaribio halikuwa sawa. Siku ya pili walirudia chini ya kalitusi zilezile, kwenye mteremko mmoja, sehemu moja wakaifagia na nyingine wakaiacha na makapi yake. Maji ya sehemu iliyofagiwa yalitoka na tope, ya sehemu yenye makapi yalikuwa meupe zaidi.

Basi swali likageuka. Si mti unaozuia, ni kifuniko cha ardhi. Kijana yule ndiye aliyeeleza jinsi mama yake alivyokuwa akipanda mistari ya majani marefu kukata mteremko wa shamba la viazi, na udongo ukajikusanya nyuma yake. Ninyi mliolima Lubero mnaijua kazi hiyo.

Kupima nako kulibadilika. Kila mtoto aliandika ukurasa mmoja, na mwalimu aliangalia mambo mawili tu: je, ametenganisha alichokiona na alichokisikia, na je, ameshughulikia mfano unaompinga? Kwa kipimo hicho, kijana aliyewahi kuambiwa "hapana" alikuwa kati ya wa juu, ingawa Kifaransa chake kina makosa mengi.

Sasa mipaka, kwa maana ipo. Somo lililopangiwa saa moja lilikula wiki nzima. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ni wa kuchagua jibu moja, na mtoto akipata swali la mmomonyoko, huenda jibu linalotakiwa likawa lilelile la kupanda miti. Mama Mwalimu aliwaambia wazi: huku mnaandika hivi, na mnajua kwa nini si hivi tu. Programu mpya za hisabati na sayansi zilizoanza mwaka 2018 kwa darasa la saba zinaanzia kwenye hali ya maisha, jambo jema, lakini nazo zimekwisha kuandika umahiri unaongojewa.

Na kuna mada ambazo mimi nisingemshauri. Mradi wa Stenhouse ulioanza mwaka 1967 uliwapa vijana wa Uingereza vita kama mada ya mjadala, mwalimu akiongoza bila kuegemea upande. Beni na Butembo, ambako jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kuanzia tarehe 6 Mei 2021, hiyo ni hatari ya namna nyingine. Mtindo wa mchakato unadai ushahidi uwekwe mezani, na hapa ushahidi wa vita ni mtoto mwenyewe na waliokufa kwao. Mteremko wa kalitusi unaweza kumwagiwa maji mara mbili.

Nilipopita mara ya mwisho, alikuwa na daftari jipya. Ameligawanya darasa katika safu, na mwalimu wa darasa la nne hukaa nyuma akiweka alama kila mtoto anaposema, ili yasiwe masikio ya mtu mmoja tu. Swali lake sasa ni nani hasemi kabisa. Katika masomo manne waliyokwisha kuhesabu, wasichana watatu waliohama, wanaokaa karibu na dirisha, hawana alama hata moja. Bado hajui kama ni lugha, ni woga, au ni mahali wanapokaa, na Jumatatu ataanza kwa kubadilisha mahali.