MDOGO KAPATA MCHUMBA, DADA BADO YUPO NYUMBANI: BARUA YA POSA IJIBIWE AU ISUBIRI?

Haya wadau, leo tuingie nyumba moja ya huko Tabata, Dar. Mabinti wawili. Mkubwa ana miaka 32, anauza kwenye duka la dawa, hajaolewa. Mdogo ana 25, anafundisha chekechea. Mwezi wa tatu mshenga kabisha hodi na bahasha: barua ya posa, na ndani yake elfu hamsini ya kishika uchumba. Barua ni ya mdogo.

Baba kaipokea vizuri, mshenga kapewa soda, kaondoka. Halafu barua ikaingia kabatini, ikakaa humo miezi minane.

Watu wengi wanadhani presha ya umri ni ya mtu mmoja na miaka yake. Kwa familia nyingi za kwetu sio hivyo. Ni foleni. Aliyetangulia kuzaliwa atangulie kutoka, na akisimama yeye, nyuma wote wanasimama. Kwa hiyo dada wa miaka 32 haambiwi tu kwamba kachelewa, anaambiwa anachelewesha wenzake. Na mdogo wa 25, ambaye hajachelewa kitu, anaonekana ana haraka.

Tusimseme baba vibaya lakini. Hofu yake ilikuwa kwamba mdogo akitoka kwanza, mtaa utaanza kuuliza mkubwa ana nini, na mwanaume atakayekuja kumposa atauliza swali hilo hilo. Yaani kuchelewa kujibu kulikuwa njia yake ya kumlinda binti yake. Shida ni kwamba aliyekuwa akilindwa hakuulizwa hata siku moja.

Sheria nayo haina hiyo foleni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina maneno kuhusu umri wa chini, na ndio huo uliopelekwa mahakamani, hadi Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikaunga mkono hukumu ya kwamba vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Umri wa kuchelewa haumo. Dada mkubwa kutangulia hakumo. Notisi ya kutaka kuoana ni siku 21 tu. Lakini nani ataenda kufunga ndoa wakati barua ya posa haijajibiwa kwao? Hakuna. Kabati la baba lina nguvu kuliko kitabu cha sheria.

Mwezi wa sita mshenga akarudi kuulizia. Hapo ndio mambo yalianza kuharibika. Mdogo akaacha kula mezani na dada yake. Mkubwa akawa anaomba zamu za jioni dukani ili arudi watu wamelala. Na nyumba nyingi zikifika hapo kinachofuata ni mimba, halafu posa inageuka kikao cha faini.

Katikati ya hayo, mama mdogo akaleta mgane wa miaka 47, mtu na nyumba yake, kwa ajili ya mkubwa. Wakaonana mara mbili. Mara ya pili mgane akasema mke wake hatauza dawa. Dada akajiuliza swali moja tu: ile barua isingekuwepo kabatini, huyu ningemkubali? Jibu likawa hapana. Akamkatalia kwa heshima.

Kumkabili baba hakuweza, akapita kwa shangazi. Akamwambia, "Shangazi, naomba umwambie baba aijibu ile barua. Mimi sijaomba kusubiriwa."

Shangazi alijua pa kushika. Kuna familia ambazo mdogo akimpita mkubwa, mchumba huleta kitu cha kumuomba radhi dada, nje ya mahari. Akashauri hivyo: doti ya khanga na bahasha ndogo, mkubwa apokee mbele ya wazee na aseme kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Baba alichohitaji kilikuwa hicho tu, watu wasikie kwamba binti yake hajarukwa, ameruhusu. Wiki ile ile barua ikajibiwa, na mahari ikatajwa.

Kwenye kamati ya harusi dada akawa mweka hazina. Maswali hayakuisha, maana hata siku ya sendoofu mama mmoja alimuuliza, "Na wewe lini?" Akamjibu, "Nikiwa tayari, kadi ya mchango utaipata wa kwanza." Mama akacheka, akatulia.

Sio kwamba kila nyumba khanga zitamaliza. Kuna wazee hawatasogea hata uwaletee doti kumi. Ila wengi wanaosubiri hawajawahi kumuuliza huyo wanayemsubiria.

Je, kwenu mdogo anaruhusiwa kutangulia? Na mkubwa anapewa nini? Dondosheni hapo chini.