Sio kila "Ummu" ana mtoto wa jina hilo, acheni kuwahesabia watu watoto

Haya wadau, kuna dada mmoja staa wa filamu hapa mjini, jina naliweka kapuni. Juzi kati alibadilisha jina la ukurasa wake akaweka "Ummu" fulani. Weee! Komenti zikamiminika. "Mtoto yuko wapi?" "Umezaa lini, mbona hatukuona tumbo?" Mwingine akaandika kabisa kwamba ni kiki, anatafuta kuongelewa. Ndani ya siku mbili yule dada akalifuta jina na kurudisha lake la zamani.

Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini. Mama yangu mtaa mzima unamwita Mama Rajabu. Kwetu hakuna Rajabu. Rajabu ni kaka yangu wa kwanza, alifariki akiwa na miezi minane, mimi hata sijazaliwa. Tupo watoto watatu tuliobaki na hakuna hata mmoja ambaye mama anaitwa kwa jina lake. Siku moja mpangaji mpya akamuuliza mama, "Huyo Rajabu anasoma wapi?" Mama akajibu, "Yupo kwa Mungu, mama, karibu chai." Akamimina chai kama hakuna kilichotokea, ila mimi niliiona mikono yake.

Sasa hayo majina ya Abu na Ummu ni ndugu kabisa na hili letu la Baba Fulani na Mama Fulani. Kwa Kiarabu jina la namna hiyo linaitwa kunya. Abu ni baba wa, Umm ni mama wa, na sisi Waswahili tumezoea kuandika Ummu. Ukimwita mtu kwa kunya umempa heshima, kwa sababu jina lake lenyewe umeliacha pembeni. Ni kama vile wewe huwezi kumwita mama wa rafiki yako "Zainabu" kavu kavu hata kama unajua ndilo jina lake.

Tuchukue mfano ambao hata asiyesoma madrasa ameusikia: Ali bin Abi Talib. Huyo ni Ali mtoto wa Abu Talib. Abu Talib halikuwa jina alilopewa siku ya kuzaliwa. Alikuwa na watoto wa kiume wanne, wa kwanza anaitwa Talib, halafu Akil, Jaafar, na Ali. Basi baba akaitwa kwa mkubwa, Abu Talib. Na Ali naye alipokuja kupata watoto akaitwa Abul Hassan, kwa sababu Hassan ndiye mkubwa wake. Umeona mnyororo ulivyo? Jina halitoki kwa baba kwenda kwa mtoto, linapanda juu kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi.

Hapo hapo nijibu swali ambalo watu huwa wanabishana: mbona mara Abu, mara Abi? Ni jina lile lile, ila Kiarabu kinabadilisha mwisho wa neno kulingana na linapokaa kwenye sentensi. Likija baada ya "bin" linakuwa Abi. Ukimwita mtu kwa Kiarabu sanifu, "Ya Aba" fulani, linakuwa Aba. Kwa hiyo usimsahihishe mtu aliyeandika bin Abi Talib ukadhani kakosea. Kule Kuwaiti na Bahreni ndio hata ile A ya mwanzo wanaimeza, utasikia "Bu" fulani. Umm haina shida hiyo.

Tofauti moja na kwetu ni kwamba Waarabu wengi wanafuata mtoto wa kiume mkubwa, hata kama kabla yake walizaliwa mabinti. Sisi huku Mama Mwajuma anabaki Mama Mwajuma hata akizaa madume sita. Lakini kuitwa kwa binti nako kupo tangu zamani. Mke mmoja wa Mtume aliitwa Ummu Habiba, na Habiba alikuwa binti yake. Sasa angalia mwingine, Ummu Salama. Huku kwetu Salama ni jina la kike, kwa hiyo wengi wanadhani alikuwa na binti. Hapana, Salama yule alikuwa mtoto wa kiume.

Sasa twende kwenye lile lililowatoa watu povu: kuitwa Ummu bila kuzaa. Wadau, hilo halijaanza kwenye mitandao. Bi Aisha, mke wa Mtume, hakupata mtoto. Inasimuliwa kwamba alimwambia Mtume kuwa wenzake wote wana kunya isipokuwa yeye. Mtume akamwambia ajiite kwa Abdallah, mtoto wa dada yake Asma. Tangu hapo akawa Ummu Abdallah. Yaani mama mdogo alipewa jina la mama, na hakuna aliyemuuliza tumbo lilionekana lini.

Hata watoto wadogo walipewa. Kuna kijana mdogo, ndugu yake Anas, alikuwa na kandege kake anachezea. Mtume alimwita Abu Umair, na hata ndege yule alipokufa alimuuliza habari zake kwa jina hilo hilo. Abu Umair wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa, hana Umair yeyote.

Halafu kuna kunya zinazokuja kwa njia ya jina la mtu mwenyewe. Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, dunia nzima ilimjua kama Abu Ammar. Mtoto wake wa kumzaa ni binti tu, aliyezaliwa 1995, na jina la Abu Ammar lilikuwepo miaka mingi kabla ya hapo. Ammar katoka wapi? Zamani huko Makka palikuwa na mtu anaitwa Yasir, na mwanawe anaitwa Ammar, wote ni katika Waislamu wa mwanzo mwanzo. Basi anayeitwa Yasser ni rahisi kupachikwa Abu Ammar. Ndivyo ilivyo kwa akina Ali wengi kuitwa Abu Hassan au Abu Hussein hata kabla hawajaoa.

Na huyo aliyemfuata Arafat, Mahmoud Abbas, anaitwa Abu Mazen. Huyu Mazen alikuwepo kweli, mtoto wake mkubwa. Alifariki 2002. Mpaka leo baba yake ni Abu Mazen, kwenye magazeti, kwenye mikutano, kila mahali. Hakuna aliyembadilishia akaitwa kwa mdogo wake Mazen. Nilipolisoma hilo nilimwelewa mama yangu vizuri zaidi. Kunya haifi na mtoto. Kwa mzazi mwingine ndiyo sehemu pekee ambapo jina la mwanawe bado linatamkwa kila siku. Sasa wewe unayeuliza "mtoto yuko wapi" unajua unabonyeza wapi?

Kitu kingine, Abu sio lazima iwe baba wa mtu. Inaweza kuwa na maana ya mwenye kitu fulani, au anayejulikana kwa kitu fulani. Abu Huraira maana yake ni baba wa kipaka, kwa sababu alikuwa na paka wake mdogo anampenda. Ali naye aliitwa Abu Turab, baba wa vumbi, siku alipokutwa amelala msikitini udongo umemjaa mgongoni, na inasemekana alilipenda jina hilo kuliko yote. Lakini njia hii hii ndiyo inatumika kutukana. Yule Abu Jahli tunayemsikia kwenye mawaidha, watu wake walikuwa wanamwita Abul Hakam, lenye maana ya hekima. Waislamu wakamgeuzia likawa baba wa ujinga. Kwa hiyo ukimpachika mtu Abu Kitambi au Ummu Umbea kwenye grupu, ujue hilo ni tusi lililovaa kanzu, wala usiseme ulikuwa unamheshimu.

Sasa unatumiaje bila kuharibu? Binamu yangu alifanya kazi Maskati miaka mitatu, na aliniambia kitu cha kwanza alichojifunza ni kusikiliza. Wageni wanamwitaje mwenye nyumba? Wakisema Ummu Salim, na wewe sema Ummu Salim. Usiende kuchimba jina lake halisi ili uonekane mmezoeana, hasa kama wewe ni mwanaume na yeye ni mwanamke. Na usimtungie wewe. Unaweza kumwona ana mtoto anaitwa Ahmed ukamwita Ummu Ahmed, kumbe anaitwa kwa mwingine aliyetangulia, au yule uliyemwona ni mtoto wa mke mwenzie.

Usilikate jina pia. Kumwita mtu "Abu!" au "Ummu!" peke yake ni kama kuita "Mama wa!" halafu ukanyamaza, sentensi inaning'inia. Huku kwetu tuna wenye jina la Abuu, au Abubakari aliyefupishwa, hao ni sawa kwa sababu ndivyo wanavyoitwa. Na kuna majina yaliyoanza kama kunya yakageuka kuwa ya kuzaliwa nayo. Ummu Kulthumu ni moja. Yule mwimbaji mkubwa wa Misri aliyefariki 1975 hakuitwa hivyo kwa sababu ana Kulthumu, hakuwa na mtoto kabisa, ni jina alilopewa utotoni. Kwa hiyo ukikutana na mwanafunzi wa kidato cha pili anaitwa Ummu Kulthumu, usianze kukodoa macho.

Kwenye fomu na vitambulisho andika jina lako la cheti. Tumeshaona mtu anatumiwa pesa kwa "Abu" fulani, anafika kwa wakala, kitambulisho kinasema kitu kingine, foleni nzima inamtazama. Kunya ni ya mdomoni, ya salamu na mazungumzo. Benki haiitambui.

Na kama unataka kujua kunya ya mtu imetokana na nani, muulize hivi: "Samahani, nikuiteje?" Basi. Akitaka kukusimulia habari ya mtoto atakusimulia mwenyewe. Asipotaka, umeshapata jina la kumwitia, na hilo ndilo ulilokuwa unalihitaji.