Sita Mara Moja

Yule mama alifika alasiri, katoka moja kwa moja kwenye feri. Duka letu la dawa liko Likoni, upande wa kupanda mlima ukishashuka feri, kwa hivyo wateja wetu huja kwa mafungu: feri ikitia nanga watu kumi, halafu kimya, halafu kumi wengine. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa diploma ya famasia, mwezi wa pili wa mafunzo ya kazini. Mfamasia, bosi wangu, alikuwa amevuka barabara kwenda kuswali. Kanuni yake ilikuwa moja: tayarisha dawa, lakini isivuke kaunta mpaka aione.

Mama alinipa karatasi ya daktari. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, na hakuweza kufungua zipu ya pochi yake mwenyewe. Aliniambia yeye ni mpishi wa mahamri, na tangu mwaka uliopita asubuhi hawezi kukanda unga mpaka jua litoke. Hospitali ya ng'ambo, kisiwani, walimpima damu wakamwambia ni baridi yabisi.

Mwandiko haukuwa mbaya. Hilo nataka nilieleze, kwa sababu nikisimulia kisa hiki watu hudhani tatizo lilikuwa hati ya daktari. Mstari wa kwanza ulisomeka vizuri kabisa: methotreksati, miligramu 2.5, halafu "6 x 1", halafu "4/52". Mstari wa pili ulikuwa asidi ya foliki.

Anayefanya kazi kaunta Kenya anaijua lugha hiyo. "1 x 3" ni tembe moja mara tatu kwa siku. "2 x 2" ni mbili asubuhi, mbili jioni. Na "4/52" ni wiki nne, kwa kuwa mwaka una wiki 52. Basi nikasoma kama nilivyofundishwa: tembe sita, mara moja kwa siku, kwa siku 28. Nikabonyeza kikokotoo. 168.

Nikateremsha chupa kutoka rafu ya juu. Ilikuwa chupa ya tembe 100, imeshafunguliwa. Dawa hii haitoki sana dukani kwetu. Nikahesabu zilizobaki: hazikufika 60. Nikaanza kuandika oda ya chupa mbili zaidi, ndipo nikajiuliza: kama mgonjwa mmoja anamaliza chupa karibu mbili kwa mwezi, mbona hii moja imekaa rafuni tangu kabla sijaja?

Nikakumbuka somo la darasani. Methotreksati ilianza kama dawa ya saratani. Huizuia seli kutumia foliki, na bila foliki seli haiwezi kujigawa. Kwa kipimo kidogo hutuliza baridi yabisi, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 1988. Lakini kipimo hicho humezwa siku moja tu kwa wiki. Siku sita zinazobaki ndizo mwili unapopata nafasi ya kuitoa kupitia figo, na seli kupumua. Ukiimeza kila siku, seli zinazojigawa haraka ndizo zinazokufa mwanzo: ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Mtu huanza na vidonda mdomoni na kuharisha. Halafu homa, kwa kuwa chembe nyeupe zimekwisha, na damu kutoka ovyo. Wengine hufa, na mara nyingi kosa ni hili hili la wiki kugeuka siku.

Tembe sita ni miligramu 15. Kwa wiki, ni kipimo cha kawaida. Kwa siku, ni miligramu 105 kila wiki, mara saba ya inavyotakiwa.

"Mama, daktari kakwambia umeze vipi?"

"Kasema sita mara moja."

"Mara moja kwa siku au kwa wiki?"

Akanitazama. "Mwanangu, kasema sita mara moja. Zote pamoja, nisigawe. Kwani we huwezi kusoma? Nina unga wa kununua."

Alikuwa hakosei. Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa, na ndiyo yaliyoandikwa. Neno "wiki" lilibaki kichwani mwa daktari.

Nilitamani kuamini kwamba daktari bingwa anajua kitu nisichokijua. Nyuma ya mama foleni ilishakuwa ya watu watano, na mmoja akasema, "Kijana, mpe mzee dawa zake, feri zinaendelea." Niliifunga chupa, nikaiweka chini ya kaunta, nikamwomba mama akae.

Bosi aliporudi alisoma karatasi mara moja tu. Hakunisifu. Alichukua simu, akapiga nambari iliyokuwa kwenye muhuri. Alipopokea muuguzi, hakuuliza, "Hii ni sawa?" Aliuliza, "Mgonjwa huyu ameze siku ngapi katika wiki?" Baadaye alinieleza kwamba swali la kwanza hujibiwa "ndiyo" na mtu mwenye haraka, la pili linamlazimu afungue faili. Dakika ishirini hivi zikapita kabla daktari mwenyewe kupiga. Bosi alisikiliza, akasema, "Kwa wiki. Sawa daktari," akaandika pembeni ya karatasi: jina la aliyethibitisha, tarehe, saa.

Tukahesabu tembe 24 badala ya 168. Daktari aliacha siku tuchague na mgonjwa. Mimi nilitaja Jumatatu. Bosi akakataa: ukimwambia mtu "sita Jumatatu", kuna nambari mbili masikioni, na Jumanne na Jumatano ni vivyo hivyo. Ijumaa haina nambari ndani yake, na mama haisahau. Kwenye bahasha akaandika kwa herufi kubwa: TEMBE 6 KILA IJUMAA TU. SI KILA SIKU. Foliki, ambazo nazo ni tembe ndogo za manjano kama zile nyingine, zikaingia bahasha ya rangi tofauti, za siku zilizobaki.

Kisha akamwambia mama mambo mawili. Akiona vidonda mdomoni au homa, aache dawa na arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na asinunue Septrini popote, hata akikohoa, maana dawa hizo mbili zikikutana huangamiza damu. Mama akarudia yote, akiuhesabu mwezi kwa Ijumaa: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu akanigeukia: "Sasa hivi ndo umeelewa kusoma." Tukacheka, akaenda zake.

Watu wakinipongeza huwa sijui niseme nini. Najua kilichonisimamisha: chupa ilikuwa pungufu. Kama rafuni pangekuwa na chupa mbili kamili, ningezimimina, ningehesabu 168, na ningezipanga nikimsubiri bosi. Labda angeliona kosa. Labda foleni ingekuwa ndefu.

Bahasha zetu za dawa huja zimechapwa tayari: mstari, alama ya x, mstari. Unajaza nambari mbili, basi. Hakuna nafasi ya neno "siku" wala "wiki". Tangu alasiri ile naliandika neno hilo kwa mkono, chini ya x, kwenye kila bahasha, hata ya Panadoli.